Kugeuka Papo Hapo: Jinsi Miguu ya Mhusika wa Gemu Inavyofuata Macho Yake

Mhusika wa gemu la kompyuta akiwa amesimama tuli, kisha mchezaji akasogeza kipanya ili atazame upande mwingine, programu ina njia moja nyepesi ya kumgeuza: inamzungusha mzima mzima, kama nyama ya shawarma kwenye chuma chake. Mabega, magoti na visigino vyote vinakwenda kwa pamoja, nyayo zinateleza juu ya sakafu, na mtazamaji, hata kama hajui lolote kuhusu uhuishaji, anahisi kwamba aliye mbele yake si mtu. Kazi ya kuondoa kasoro hiyo huitwa na watengenezaji kugeuka papo hapo: mhusika asiyetembea anahamisha miguu yake na kuelekea upande mpya bila kuondoka alipo.

Mtu wa kweli hageuki kwa mkupuo. Macho hutangulia, kichwa hufuata, kisha mabega, nyonga, na mwishoni kabisa miguu. Shingo ya mtu mzima huweza kuzunguka takriban nyuzi 70 hadi 80 kila upande, na uti wa mgongo, ukiacha nyonga pale pale, huongeza karibu nyuzi 45 kwa kifua. Kwa hiyo mtu anayeitwa kutoka pembeni hana haja ya kusogeza mguu ili amwone aliyemwita. Miguu huingia kazini pale tu mwili uliojisokota unapoanza kukosa raha, au mtu anapokusudia kubaki akitazama huko. Mfuatano huu ndio unaofanya mgeuko uonekane wa kibinadamu, na ndio unaopotea mara ya kwanza kabisa programu inapoachiwa izungushe umbo lote kwa pamoja.

Miguu nayo ina njia mbili. Ya kwanza ni ya hatua: mguu mmoja unanyanyuliwa na kutua ukielekea upande mpya, kisha mwenzake unafuata. Ya pili ni ya egemeo, ambapo mguu unabaki chini na mwili unazunguka juu ya kisigino au juu ya sehemu ya mbele ya unyayo. Aliyewahi kufundishwa kwata anaijua hii ya pili hata bila kuifikiria. Amri ya “Kulia, geuka!” ikitolewa, kisigino cha kulia na vidole vya kushoto ndivyo vinavyobaki ardhini, vidole vya kulia na kisigino cha kushoto vinainuliwa, mwili unazunguka nyuzi 90, ndipo mguu wa kushoto unapoletwa kando ya wa kulia kwa kishindo. Kwa muhuishaji somo lililomo humo ni moja: katika kila sehemu ya mgeuko lazima kuwe na nukta ya mguu iliyogusa ardhi na isiyohama. Nukta hiyo ikihama hata kidogo, jicho linaiona.

Mtu wa kawaida, tofauti na askari wa gwaride, huchanganya njia zote mbili. Chukua aliyesimama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, anageuka kulia nyuzi 90. Kwanza uzito wake wote unahamia mguu wa kushoto, na nyonga zinasogea upande huo kwa sentimita chache. Mguu wa kulia, uliopata wepesi, unanyanyuka kidogo, unafunguka kwa nje na kutua ukiangalia upande mpya. Uzito unarudi juu yake. Sasa kisigino cha kushoto kinainuka, unyayo unazunguka juu ya sehemu yake ya mbele, kisha mguu wote unanyanyuliwa na kuwekwa mahali panaporudisha msimamo wa mwanzo. Kwa mtu asiye na haraka kazi hii huchukua kama sekunde moja, yaani fremu 30 kwenye klipu iliyohuishwa kwa fremu 30 kwa sekunde. Muhuishaji anayeanza huwa anaruka ule mwendo wa kwanza, wa uzito kuhama, kwa sababu unaonekana mdogo. Bila huo, mguu wa kulia unanyanyuka huku bado umebeba mwili, na mhusika anaonekana kama ana uzito wa karatasi.

Klipu hiyo ina sharti jingine. Mkao wa fremu ya mwisho lazima ufanane na ule wa fremu ya kwanza, tofauti ikiwa nyuzi 90 tu, na mikao yote miwili ilingane na klipu ya kusimama tuli ambayo mhusika anarudi kwake. Vinginevyo kila mgeuko utamalizika kwa mtetemo mdogo wa magoti au mabega.

Mpaka hapo ni kazi ya uhuishaji. Ugumu wenyewe unaanza klipu inapoingizwa ndani ya gemu, kwa sababu mwendo wa mwili na mkono wa mchezaji haviendi kwa kasi moja. Klipu inataka sekunde nzima. Kipanya kinaweza kugeuza kamera nyuzi 70 kwa moja ya tano ya sekunde. Ni nani amsubiri mwenzake?

Kwa mhusika anayeendeshwa na kompyuta yenyewe, mfano muuza duka anayemgeukia mteja, jibu ni jepesi: klipu iongoze. Mzunguko unachukuliwa kutoka kwenye mfupa mzizi, yaani mfupa wa juu kabisa katika ngazi ya mifupa ya mhusika, ambao kwa kawaida umewekwa sakafuni katikati ya miguu. Klipu ikizungusha mfupa huo nyuzi 90, mhusika mzima anahesabiwa kuwa amegeuka nyuzi 90. Hakuna anayeona kuchelewa, kwa sababu hakuna aliyebonyeza kitu akisubiri matokeo.

Kwa mhusika wa mchezaji njia hiyo haifai. Mwenye kulenga shabaha akisogeza kipanya, anataka bunduki iwe pale sasa hivi, si baada ya miguu kumaliza shughuli zake. Katika Unreal Engine, mfumo wa kutengenezea gemu wa kampuni ya Epic Games, mhusika amezungukwa na kapsuli isiyoonekana ambayo ndiyo gemu linaitambua kama yeye. Mpangilio uitwao bUseControllerRotationYaw ukiwashwa, kapsuli hiyo inafuata mwelekeo wa kamera papo kwa papo. Umbo linaloonekana limefungwa ndani ya kapsuli, kwa hiyo nalo linazunguka, na hapo ndipo miguu inapoteleza.

Suluhisho lililoenea ni la werevu, na ukilielewa hili mengine yote yanafuata: kapsuli iachwe izunguke kwa kasi ya mchezaji, lakini umbo lizungushwe kinyumenyume kwa kiasi kile kile. Kapsuli ikienda kulia nyuzi 10, umbo linarudishwa kushoto nyuzi 10 ndani ya kapsuli. Matokeo kwa mtazamaji ni kwamba miguu haijasogea hata kidogo. Programu inaweka kumbukumbu ya deni hilo katika namba moja. Katika Lyra, mradi wa mfano ambao Epic iliutoa mwaka 2022 pamoja na Unreal Engine 5, namba hiyo inaitwa RootYawOffset. Hesabu yake katika kila fremu ni mistari miwili:

```
float Delta = FRotator::NormalizeAxis(Yaw - LastYaw);
RootYawOffset = FRotator::NormalizeAxis(RootYawOffset - Delta);
```

Mstari wa kwanza unapima kapsuli imezunguka kiasi gani tangu fremu iliyopita. Wa pili unalitoa badiliko hilo kwenye deni. Kulia ni chanya, kushoto ni hasi. Deni hilo ndilo linalotumika kuzungusha mfupa mzizi ndani ya kapsuli.

Lakini miguu ikibaki nyuma, kifua na bunduki lazima viangalie anakotazama mchezaji. Kwa hiyo sehemu ya juu ya mwili inapewa deni lile lile kwa alama ya kinyume: miguu ikiwa nyuma kwa nyuzi 40, mgongo unasokotwa mbele nyuzi 40. Msokoto huo hauwekwi kwenye mfupa mmoja, maana kiuno kingekatika mithili ya kitambaa kilichokamuliwa. Unagawanywa. Mifupa ya mhusika wa kawaida wa Unreal Engine 5 ina pingili tano za mgongo, na kila moja inachukua fungu lake. Kwa nyuzi 40 kila pingili inapata nyuzi 8, kiasi ambacho shati na ngozi ya umbo hukimudu bila mikunjo ya ajabu. Kwa nyuzi 70 fungu linafika 14, na hapo mhusika ameshapita uwezo wa mgongo wa binadamu. Deni haliwezi kuachwa likue bila mwisho.

Ndiyo maana kunawekwa kizingiti. Katika Lyra ni nyuzi 50. Deni likiwa chini ya hapo, miguu inabaki ilipo na mgongo unafanya kazi. Likizidi, klipu ya kugeuka inaitwa, ya kulia au ya kushoto kulingana na alama ya deni. Kizingiti hicho hakiko mbali na zile nyuzi 45 za mgongo wa mtu wa kweli. Ukikishusha hadi 20, mhusika hatulii: kila mchezaji akipepesa kamera kidogo, miguu inapapasa chini. Ukikipandisha hadi 90, mhusika anasimama akiwa amejisokota mithili ya kamba.

Fuatilia sasa mgeuko mmoja hatua kwa hatua. Gemu linaendeshwa kwa fremu 60 kwa sekunde. Mhusika anatazama kaskazini, deni ni 0. Mchezaji anasukuma kipanya kulia na kamera inazunguka nyuzi 70 ndani ya fremu 12, karibu nyuzi 6 kwa fremu. Kapsuli inaifuata bila kuchelewa. Kwenye fremu ya 9 deni limefika hasi 52.5, limepita kizingiti, na klipu ya kugeuka kulia nyuzi 90 inaanza kuchezwa. Kipanya kinaendelea kwa fremu tatu zaidi na kusimama, deni likiwa karibu na hasi 70. Bunduki tayari iko kwenye shabaha, wakati miguu ndiyo kwanza inahamisha uzito.

Kuanzia hapo klipu inalipa deni. Pamoja na mikao ya mifupa, ndani ya klipu kumehifadhiwa grafu ndogo inayosema bado nyuzi ngapi za kugeuka zimebaki: inaanza na 90 na kuishia 0. Kila fremu programu inasoma grafu imeshuka kiasi gani, kisha inalipunguza deni kwa kiasi hicho hicho. Grafu ikifika 40, nyuzi 50 zimekwisha kulipwa na deni limebaki hasi 20. Ikifika 20, deni ni 0, miguu na macho vinaelekea upande mmoja. Lakini klipu haijaisha. Inaendelea hadi mwisho wake, na deni linamalizikia chanya 20: miguu imeelekea nyuzi 90 ilhali macho yako kwenye 70, na mgongo unajirudisha kidogo kushoto.

Wanaoanza huiona hiyo chanya 20 wakadhani kuna kosa la hesabu. Hakuna kosa. Nyuzi 20 ziko chini ya kizingiti, mkao wake ni wa kawaida kabisa kwa mtu aliyesimama, na ukikubali hivyo klipu moja ya nyuzi 90 inatosha kwa kila upande. Wapo wanaopendelea kuipunguza grafu ili nyuzi 90 ziwe 70 kamili. Inawezekana, ila miguu iliyohuishwa kwa nyuzi 90 itateleza kwa zile 20 zilizokatwa, na itabidi mfumo mwingine uishikilie chini. Kwa gemu nyingi hiyo ni gharama ya kutafuta usawa ambao hakuna mchezaji atakayeuona.

Mambo mawili huharibika hapa mara nyingi. La kwanza ni mgeuko maradufu. Klipu ina mzunguko kwenye mfupa wake mzizi, na programu nayo inazungusha umbo kwa kusoma grafu. Kama mfupa mzizi haukufungwa wakati wa kuingiza klipu, mizunguko yote miwili inajumlishwa: mhusika anageuka nyuzi 180, halafu klipu inapokwisha anaruka ghafla kurudi. Ukiona mruko huo mwishoni, usiguse hesabu. Nenda kwenye mipangilio ya klipu na uhakikishe mzunguko wa mfupa mzizi umetolewa kwenye mkao.

La pili ni kuteleza kwa nyayo, na chanzo chake huwa ni grafu isiyolingana na klipu. Mfupa mzizi ukishafungwa, klipu peke yake huonyesha kitu cha ajabu: mwili unaangalia mbele wakati wote, na miguu inasuguliwa sakafuni kwa kurudi nyuma. Ni mzunguko unaotoka kwenye grafu ndio unaoufuta msuguano huo. Kwa hiyo grafu haipaswi kuchorwa kwa mkono wala kukadiriwa. Inapaswa kutolewa kwenye mzunguko wa mfupa mzizi wenyewe, fremu kwa fremu. Grafu iliyonyooka, inayoshuka kwa kasi moja toka 90 hadi 0, ni kosa la kawaida sana, kwa kuwa mwili wa kweli huanza polepole, huharakisha katikati na kupunguza mwishoni.

Kuteleza hupimwa hivi. Mhusika anasimamishwa juu ya sakafu yenye miraba, kamera inashushwa usawa wa vifundo vya miguu, na kwenye dirisha la amri kunaandikwa:

```
slomo 0.2
```

Gemu sasa linakwenda kwa moja ya tano ya kasi yake. Chagua kona moja ya mraba karibu na unyayo uliobeba uzito na usiitoe machoni mpaka mguu huo unyanyuke. Unyayo ukiiacha kona, grafu na klipu hazipatani. Ukizunguka juu ya sehemu yake ya mbele bila kuondoka, huo si utelezi. Ndiyo kazi halali ya egemeo.

Upo pia mtego wa nyuzi 180. Pembe katika kompyuta hurejea mwanzoni: baada ya 180 inakuja hasi 179. Mhusika aliyekuwa kwenye 175 akigeuka kulia nyuzi 10 anajikuta kwenye hasi 175, na utoaji wa kawaida unasema amezunguka kushoto nyuzi 350. Deni linalipuka, na mhusika anazunguka kama pia. Kazi ya NormalizeAxis katika mistari ile miwili ni hiyo tu: kurudisha kila pembe kati ya hasi 180 na 180, ili 350 ya uongo iwe 10 ya kweli. Dalili ya kuusahau mstari huo ni hitilafu inayotokea mhusika anapotazama upande mmoja tu wa ramani, na kwingineko kote akawa mzima.

Kugeuka nyuma kabisa kunahitaji uamuzi wa ziada. Mgeuko wa nyuzi 180 hauna upande ulio mfupi zaidi, kwa hiyo programu inafuata alama ya deni, yaani upande ambao kipanya kilikuwa kikielekea. Katika klipu nzuri ya nyuzi 180 egemeo hutawala: uzito wote juu ya mguu mmoja, kisigino juu, mguu wa pili ukizunguka kwa nje kwa hatua moja pana. Wasio na klipu hiyo hucheza ya nyuzi 90 mara mbili mfululizo, na inakubalika, ingawa mhusika anaonekana kusitasita katikati. Mchezaji akizungusha kipanya haraka kuliko uwezo wa klipu yoyote, deni linazuiliwa lisivuke mpaka fulani, na kinachozidi kinaachwa kiiburure miguu. Nyayo zitateleza, ndiyo, lakini kwa kasi hiyo hakuna jicho linalozifuata.

Mhusika akianza kutembea, deni halina kazi tena na lazima liondoke. Lisifutwe kwa fremu moja, maana umbo litaruka. Katika Lyra linashikiliwa lilivyo hatua ya kwanza inapoanza, kisha linarudishwa 0 taratibu kwa hesabu ya springi, huku hatua za kutembea zikiificha kazi hiyo.

Siku hizi ipo njia nyingine, ambayo Ubisoft iliitumia katika For Honor ya mwaka 2017 na ambayo Epic iliitangaza kuwa tayari kwa uzalishaji katika Unreal Engine 5.4 mwaka 2024: programu haichezi klipu iliyopangiwa tukio fulani, bali katika kila muda mfupi inatafuta, ndani ya hazina kubwa ya mienendo iliyorekodiwa, mkao unaokaribiana zaidi na wa sasa na na njia inayotakiwa. Inapunguza vizingiti na mipito ya kuandikwa kwa mkono. Haiondoi haja ya mgeuko uliohuishwa vizuri, kwa sababu hazina isiyo na mtu anayegeuka akiwa amesimama haiwezi kumtoa. Kwa anayetengeneza gemu lake la kwanza, klipu mbili za nyuzi 90, ya kulia na ya kushoto, pamoja na namba moja ya deni, zinatosha kabisa. Ya nyuzi 180 na zile za kuchuchumaa ziongezwe baada ya hizo mbili kupita kipimo cha miraba.